Rangi ya Nepi: Kusoma Choo cha Mtoto Mchanga Ndani ya Arubaini



Nyumba yenye mzazi huwa na maswali yake ya kila asubuhi. Mavyaa aingiapo chumbani huuliza kama mtoto amenyonya vyema, kama usiku amelala, na kama amepata choo. Swali hilo la tatu likijibiwa kwa "ndiyo", basi huwa limekwisha. Nepi hukunjwa ikatiwa ndooni, na mazungumzo yakageukia uji wa mzazi na wageni wanaotarajiwa. Ni nadra kusikia swali la nne, ambalo katika wiki za mwanzo lina uzito kuliko yote hayo matatu: choo hicho kilikuwa na rangi gani?

Yapo maradhi ya ini yanayompata mtoto mchanga ambayo kwa wiki kadhaa hayamwoneshi kuwa mgonjwa. Hana homa, ananyonya, anaongezeka uzito, anacheka. Alama yake iliyo wazi zaidi imo ndani ya nepi, nayo huonwa na mama kabla ya kuonwa na daktari yeyote. Na kwa kuwa tiba yake ina muda maalumu, ambao sehemu yake kubwa huangukia ndani ya siku arubaini za uzazi, yafaa kila anayembadilisha mtoto nepi ajue anachokitazama.

Nyongo ndiyo mpaka rangi

Rangi ya choo haitokani hasa na chakula bali na nyongo. Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, na nyongo hiyo hushuka kwa mirija myembamba hadi kwenye utumbo mdogo, ambako husaidia kuyeyusha mafuta ya maziwa. Ndani yake mna rangi ya manjano iitwayo bilirubini, itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizokwisha umri wake na kuvunjwavunjwa na mwili. Ini huichukua bilirubini hiyo kutoka kwenye damu, huigeuza hali, kisha huitupa nje kupitia nyongo. Ifikapo utumboni ndipo choo kinapopata rangi: kwanza manjano au kijani, na mtoto akishakua na vijidudu vya utumbo wake vikazoea kazi, kahawia.

Kutokana na hayo tunapata kanuni moja rahisi. Choo chenye manjano iliyokolea, kijani au kahawia ni ushahidi kwamba nyongo inafika utumboni. Choo kilichopauka ni ushahidi kwamba huenda haifiki. Na nyongo isipofika utumboni, bilirubini haina pa kwenda ila kurudi kwenye damu, ikayatia macho na ngozi umanjano, na kutokea kwa njia ya mkojo, ikaufanya mkojo uwe mzito wa rangi. Choo kikipoteza rangi, mkojo huipata.

Choo cha kawaida tangu siku ya kwanza

Ili kuujua ubaya ni lazima kwanza kuuzoea uzima. Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi chenye ukijani, kinanata kama lami, wala hakina harufu kubwa. Hiki ni kile alichokikusanya tumboni mwa mamaye. Watoto wengi waliozaliwa kwa kutimia miezi hukitoa ndani ya saa 24 za mwanzo. Zikipita saa 48 bila choo hicho, ni wajibu mtoto aonwe na daktari, hasa tumbo likiwa limevimba au akitapika kijani, kwani huenda utumbo umeziba au mishipa ya fahamu ya sehemu yake ya mwisho haikukamilika.

Kufikia siku ya 3 au ya 4, maziwa yakishaanza kushuka, weusi huo hugeuka kijani kibichi kisha kijani chenye manjano. Ifikapo siku ya 5 au ya 6, mtoto anayenyonya hutoa choo cha manjano kama maji ya bizari, chepesi, chenye vipunje vidogo mithili ya mbegu. Vipunje hivyo ni mafuta ya maziwa yaliyoganda. Hata vikiwa vyeupe havidhuru kitu, maadamu choo kilichovizunguka ni cha manjano. Mama anayetazama vipunje peke yake hutishika bure. Itazamwe rangi ya choo kizima.

Wepesi wake nao si kuharisha. Mtoto wa wiki 2 anaweza kupata choo chepesi kila anyonyapo na akawa mzima kabisa. Vivyo hivyo, baada ya wiki 4 hadi 6, mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki nzima, bila choo. Kikija kikiwa laini, naye ananyonya, anaongezeka uzito na tumbo lake ni laini, huko si kufunga choo. Kufunga choo hujulikana kwa ugumu, si kwa hesabu ya siku: vijibonge vikavu kama vya mbuzi, na mtoto kulia kwa maumivu anapovitoa. Anayepewa maziwa ya kopo huwa na choo kizito zaidi, chenye harufu, na rangi yake huelekea kahawia hafifu.

Kijani je? Akina mama wengi huingiwa na hofu waionapo, na kuambiwa kwamba mtoto amepigwa na baridi. Kijani ni rangi ya nyongo iliyopita upesi utumboni kabla ya kubadilika. Ni dalili kwamba nyongo ipo. Mtoto mwenye choo cha kijani, anayenyonya na kukua, hana la kutibiwa.

Rangi iliyopauka

Sasa tuifikie rangi tunayoihofia. Tukisema choo cheupe, wengi hudhani ni weupe wa chokaa. Kipo cha namna hiyo, na kipo cha rangi ya kijivu kama udongo wa kufinyangia. Lakini kinachopita bila kugunduliwa ni kile kilichopauka tu: rangi ya siagi, ya maziwa mazito, ya unga wa mtama mweupe uliokorogwa, au umanjano hafifu sana kama wa karatasi kuukuu. Mama hukiona na kujiambia, "bado kina manjano kidogo." Hapo ndipo siku zinapopotea.

Kuna mambo matatu yanayoisaidia macho kusema kweli. Kwanza, nepi itazamwe kwa mwanga wa mchana, karibu na dirisha au mlango. Chumba cha mzazi mara nyingi huwa na pazia, na taa za rangi ya manjano hukipaka choo umanjano kisio nao. Pili, kitazamwe kikiwa kibichi, juu ya kitambaa cheupe. Kanga yenye rangi nyingi hudanganya, na choo kilichokauka hubadilika. Tatu, itazamwe kila siku. Mtoto mwenye maradhi haya huweza kutoa choo cha kwanza cheusi kama wenzake, na choo cha manjano siku chache baadaye, kisha rangi ikaanza kufifia katika wiki ya 2, ya 3 au ya 4. Aliyetazama siku ya 5 akatosheka huenda asiione siku ya 20.

Pamoja na choo, utazamwe mkojo. Mkojo wa mtoto mchanga wa kawaida hauna rangi, au una manjano kidogo tu isiyoacha doa. Ukiona nepi nyeupe imebaki na doa la manjano iliyokolea au rangi ya chai, na choo nacho kimepauka, alama hizo mbili kwa pamoja zinasema jambo moja.

Umanjano usiokwisha

Umanjano wa macho na ngozi katika siku za mwanzo huwapata watoto wengi, nao usichanganywe na homa ya manjano ienezwayo na mbu. Hutokea kwa sababu ini changa halijaizoea kazi ya kuigeuza bilirubini. Kwa kawaida huonekana siku ya 2 au ya 3, na kwa mtoto aliyetimia miezi hupungua kabla ya wiki 2 kwisha. Ukionekana katika saa 24 za mwanzo, au ukiwa mzito ukashuka hadi kwenye nyayo, au mtoto akazidiwa na usingizi hata asinyonye, ni dharura ya siku ile ile.

Lakini upo umanjano wa namna nyingine, usio na haraka, unaoendelea baada ya siku ya 14. Kwa watoto wengi wanaonyonya hautokani na ubaya wowote, na huisha wenyewe. Kwa wachache ni mlango wa ugonjwa wa ini. Kwa macho tu hizo namna mbili hazitofautishwi, na hapa ndipo desturi yetu ya kumwanika mtoto jua la asubuhi inapotupotosha. Mwanga hufanya kazi juu ya bilirubini ile ambayo ini bado halijaigeuza. Bilirubini iliyokwisha kugeuzwa na ini, ikakosa njia ya kutoka, haiondolewi na mwanga, uwe wa jua au wa taa za hospitali. Mtoto anaweza kuanikwa asubuhi ishirini, na tatizo likabaki pale pale, likiongezeka.

Kipimo kinachotofautisha ni kimoja, nacho ni cha damu: bilirubini ya jumla, pamoja na ile iitwayo bilirubini ya moja kwa moja, yaani iliyokwisha kugeuzwa na ini. Mtoto yeyote aliyetimia miezi ambaye bado ana umanjano baada ya siku 14, au mwenye choo kilichopauka siku yoyote ile, anastahiki kupimwa zote mbili. Kipimo cha jumla peke yake hakitoshi. Sehemu ya moja kwa moja ikizidi maikromoli 17 kwa lita, daktari hatakiwi kusubiri, hutafuta sababu.

Mirija inapoziba

Sababu zake ni nyingi, zikiwemo maambukizi na maradhi ya kurithi. Lakini ile isiyongoja ni kuziba kwa mirija ya nyongo. Katika ugonjwa huu, mirija iliyo nje ya ini hupatwa na uvimbe, ikasinyaa na kugeuka kovu, hata pasibaki njia. Nyongo hurudi nyuma ndani ya ini, ikaliunguza na kuligeuza gumu. Asili yake haijajulikana vyema. Haitokani na chakula alichokula mama, wala maziwa yake, wala mashaka aliyoyapata akiwa mjamzito. Ni ugonjwa wa nadra: Taiwan, ambako huonekana zaidi kuliko kwingi, humpata takriban mtoto 1 katika kila 5,000, na Ulaya ni wachache kuliko hao. Hata hivyo, ndio unaoongoza duniani kwa kuwafanya watoto wahitaji kubadilishiwa ini. Usipotibiwa, watoto wengi hawavuki mwaka wa pili.

Tiba yake ya kwanza ni upasuaji uliobuniwa na daktari wa Kijapani, Morio Kasai, katika miaka ya 1950, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Daktari mpasuaji huikata mirija iliyogeuka kovu, kisha huchukua sehemu ya utumbo mdogo wa mtoto mwenyewe na kuishona chini ya ini, mahali ambapo mirija ilikuwa ikitokea, ili nyongo idondoke moja kwa moja utumboni. Ukifanikiwa, habari njema huonekana pale pale ilipoonekana habari mbaya: ndani ya nepi, choo hurudi kuwa cha kijani au kahawia.

Kufanikiwa huko kunategemea mambo kadhaa, na mojawapo lililo mikononi mwa familia ni umri wa mtoto. Matokeo huwa bora zaidi kabla ya siku ya 60 tangu kuzaliwa, kwa kuwa ini bado halijaharibika sana. Haina maana kwamba siku ya 61 mlango hufungwa; wapo wanaofanyiwa baadaye na kufaidika. Lakini kadiri wiki zinavyopita ndivyo nafasi inavyopungua. Ni haki pia kusema kwamba upasuaji huu si mwisho wa safari: mtoto huhitaji dawa, vitamini na uangalizi wa miaka, homa yoyote baadaye huwa ni sababu ya kwenda hospitali, na wengi huja kuhitaji ini jipya hata baada ya kufanikiwa. Faida yake ni kwamba wapo wanaokua na ini lao wenyewe, na wengine hupata miaka ya kukua kabla ya kufikia hitaji hilo.

Mfano wa nyumba moja

Na tuchukue mfano wa kutunga, wa mtoto wa kike wa nyumba yoyote ya mwambao wetu, ili hesabu ya siku ionekane.

Amezaliwa akiwa na kilo 3.1, na choo cheusi alikitoa usiku wa siku ya kwanza. Siku ya 3 macho yaligeuka manjano, na mama akaambiwa hospitalini kwamba ni jambo la kawaida, nalo lilikuwa neno la kweli kwa siku ile. Siku ya 6 choo kilikuwa cha bizari. Wakarudi nyumbani, arubaini ikaendelea, na kila asubuhi mtoto akatolewa uani kuanikwa.

Siku ya 14 umanjano ulikuwapo bado. Mama alitaja, na mavyaa akamjibu kwa upole, "Mwanangu, hata mumeo alikaa na manjano hadi mwezi. Jua litaumaliza." Siku ya 20 choo kilianza kufifia. Kwa taa ya chumbani kilionekana cha manjano, na mtoto alikuwa ananyonya na kunenepa, nani angeshuku?

Siku ya 26 alikuja shangazi wa mtoto kuwasaidia kufua. Alipoikunjua nepi uani, juani, akaita, "Mama, hebu njoo utazame. Hiki si choo cha mtoto wa ziwa. Ni kama siagi." Akaichukua nepi nyingine iliyolowa mkojo, akaonesha doa lililobaki, la manjano ya chai. Mavyaa akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kesho asubuhi apelekwe. Arubaini haimzuii mgonjwa."

Siku ya 27 walikwenda kituo cha afya, na nepi ile wameibeba ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na picha iliyopigwa kwa simu mchana. Muuguzi alimpima mtoto akapata kilo 3.9, uzito mzuri, na karibu awarudishe nyumbani. Nepi ndiyo iliyombadilisha shauri. Damu ikachukuliwa. Jibu likaja siku ya 28: bilirubini ya jumla 152, ya moja kwa moja 96. Wakaandikiwa barua kwenda hospitali kubwa ya rufaa yenye daktari mpasuaji wa watoto. Huko mtoto akapimwa tumbo kwa mashine ya mawimbi ya sauti baada ya kukaa saa 4 bila kunyonya, ili kifuko cha nyongo kiwe kimejaa kama kipo. Kikaonekana kidogo, kimesinyaa. Akapewa sindano ya vitamini K, kwa kuwa nyongo isipofika utumboni vitamini hiyo haifyonzwi na damu hukosa nguvu ya kuganda. Yakafuata vipimo vingine, na siku ya 45 akafanyiwa upasuaji.

Sasa tuhesabu. Tangu nepi ilipofika kituoni hadi upasuaji zilipita siku 18, na hizo ni haraka. Mara nyingi rufaa, nafasi ya kitanda na gharama hurefusha. Kama nyumba ile ingesubiri arubaini itimie, kisha wakaunganisha na kliniki ya chanjo ya wiki 6, safari ingeanza siku ya 42. Ongeza siku 18 zile zile, utafika siku ya 60 kamili, bila kuchelewa hata siku moja njiani. Yote yaliyookolewa hapa yaliokolewa na jicho moja lililotazama juani.

Mabadiliko mengine yasiyosubiri

Choo kilichopauka kina haraka ya siku. Damu na maji vina haraka ya saa. Mshipi mwembamba wa damu nyekundu juu ya choo kigumu mara nyingi hutokana na mchubuko wa njia ya haja, lakini kwa mtoto wa wiki chache hata huo uoneshwe kwa daktari. Damu iliyochanganyika na makamasi ndani ya choo chepesi, pamoja na homa, ni dalili ya kuhara damu. Na choo kinachofanana na jeli nyekundu, mtoto akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, kisha akitulia akiwa amepauka na kulegea, huashiria kwamba kipande cha utumbo kimeingia ndani ya kingine. Huonekana zaidi kati ya miezi 4 na mwaka mmoja, na hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Weusi ukirudi baada ya choo cha kwanza kwisha, uulizwe. Huenda mtoto anapewa dawa ya madini ya chuma, au chuchu za mama zina nyufa na amemeza damu yake. Yote mawili hayampi mtoto udhaifu. Vinginevyo, choo cheusi kama lami ni damu iliyopita tumboni, na mtoto aonwe siku hiyo. Kwa mtoto asiyenyesha nyongo vyema jambo hili lina uzito zaidi: kutoka damu kitovuni au puani, au kupata mavilio bila kuanguka, huweza kuwa alama ya upungufu wa vitamini K.

Kuharisha hujulikana kwa kubadilika kuliko wepesi wenyewe. Mtoto aliyezoea choo cha bizari mara 5 kwa siku, leo akapata maji matupu mara 10, huyo anaharisha. Aendelee kunyonyeshwa, na mara nyingi zaidi. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti yachanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo, kila baada ya choo cha maji. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6, na 20 kwa aliyezidi hapo. Macho yakididimia, utosi ukibonyea, mkojo ukikosekana, au mtoto akishindwa kunyonya, pakiti haitoshi tena, apelekwe. Na choo cha maji mengi yenye weupe kama maji yaliyooshea mchele, hasa panapokuwa na kipindupindu mtaani, hakisubiri alama hizo.

Jinsi ya kulieleza kituoni

Mama anapofika na kusema tu, "mtoto ana manjano," huenda akajibiwa yale yale ya siku ya 3. Ni bora aseme kwa hesabu: mtoto ana siku ngapi, umanjano ulianza lini, choo kilianza kupauka lini, na mkojo unaacha doa la rangi gani. Kisha aitoe nepi. Na aombe kwa jina: bilirubini ya jumla na ya moja kwa moja. Akiambiwa arudi baada ya wiki 2, aulize kwa adabu kwa nini, akitaja kwamba choo kimepauka. Na asiporidhika aende kwa daktari mwingine siku hiyo au kesho yake.

Taiwan, tangu 2004, mzazi hupewa kadi yenye picha za rangi za choo, za afya upande mmoja na za wasiwasi upande wa pili, na Japani iliiweka kadi ya namna hiyo ndani ya kijitabu cha mama na mtoto nchini kote mwaka 2012. Mama huilinganisha nepi na picha, akapiga simu akiona upauko. Baada ya kadi hiyo kuenea Taiwan, watoto wengi zaidi walifikishwa kwa mpasuaji kabla ya siku ya 60. Kadi ile haina siri yoyote zaidi ya hii: karatasi yenye rangi, macho ya mama na mwanga wa mchana.

Nasi tunaweza kuanza na hicho tulicho nacho. Chumbani kwa mzazi, pale inapowekwa kalenda ya kuhesabu arubaini, siku ya 14 izungushiwe alama. Ikifika, mtoto atolewe mlangoni akatazamwe macho, nepi ya asubuhi ikunjuliwe, na mavyaa aulize lile swali la nne.